Shajara ya mradi: daraja la faida 2023 hadi 2024, kiwanda cha kamba, Tanga

Kiwanda chetu kinasokota uzi na kamba za mkonge hapa Tanga, na mimi ni mhasibu wa gharama. Nimeweka kumbukumbu hii kwa ajili ya yeyote atakayetakiwa kueleza kwa picha moja kwa nini faida ya uendeshaji ya mwaka mmoja hailingani na ya mwaka uliotangulia. Shilingi zote nimezizidisha kwa namba moja ninayoijua mwenyewe, kwa hiyo usizitumie kukisia bei ya mkonge sokoni. Uwiano wake ndio wa kweli. Palipo na tarakimu bila maelezo, ni milioni za shilingi.

## 10 Februari 2025: swali

Mkurugenzi kaniita na hesabu za miaka miwili mkononi. Mauzo yamepanda kutoka 4,200 hadi 4,692. Tani zilizouzwa zimepanda kutoka 900 hadi 1,000. Bei tulipandisha kwenye bidhaa zote mbili. Faida ya uendeshaji imeshuka kutoka 540 hadi 408.

"Tumeuza zaidi, tena kwa bei ya juu, halafu tumepungukiwa 132. Hela imekwenda wapi?"

Anataka karatasi moja tu ya kuonyesha kwenye kikao cha wenye hisa tarehe 6 Machi. Majedwali hayataki. Nimemwahidi chati ya maporomoko, ile ambayo nguzo ya kwanza ni faida ya mwaka wa kwanza, ya mwisho ni faida ya mwaka wa pili, na katikati zinaning'inia nguzo ndogo, kila moja ikianzia pale mwenzake alipoishia. Watu wa benki huiita daraja la faida. Kwa kuwa tunazungumzia faida ya uendeshaji, riba ya mkopo na kodi ya mapato hazimo.

Malighafi ya kazi yote ni hii hapa:

| | Uzi 2023 | Uzi 2024 | Kamba 2023 | Kamba 2024 |
|---|---|---|---|---|
| Tani zilizouzwa | 600 | 760 | 300 | 240 |
| Bei kwa tani | 4.00 | 4.20 | 6.00 | 6.25 |
| Gharama badilifu kwa tani | 2.80 | 3.10 | 3.60 | 3.95 |
| Mchango kwa tani | 1.20 | 1.10 | 2.40 | 2.30 |

Gharama badilifu ni zile zinazofuata tani: singa, yaani nyuzi za mkonge tunazosokota, mafuta ya kulainishia singa, umeme wa mashine, vifungashio. Mchango ni bei ukitoa gharama hizo. Gharama za kudumu, kama zilivyo kwenye hesabu za mwaka, zilikuwa 900 mwaka 2023 na 980 mwaka 2024.

## 13 Februari: daraja la kwanza

Nimelijenga kwa siku mbili, na nikiri kwamba nililipenda. Lilikuwa na nguzo tano tu:

- Bei: +195
- Ujazo: +467
- Gharama badilifu: −730
- Gharama za kudumu: −110
- Mengineyo: +46

Jumla −132. Limefunga.

Bei nilipata kwa kuzidisha ongezeko la bei kwa tani za 2023. Ujazo ni tani 100 za ziada mara wastani wa bei ya 2023. Gharama nilizitoa kwenye daftari la matumizi ya kiwanda. Hiyo 46 ilibaki tu, nikaipa jina la Mengineyo. Kwenye mauzo ya bilioni nne na ushee, nikajiambia, 46 ni vumbi.

## 14 Februari: meneja wa uzalishaji

Nikampelekea meneja wa uzalishaji nakala kabla ya mtu mwingine yeyote. Ni mzee aliyeanza kazi za mkonge kabla sijazaliwa. Aliweka kidole kwenye ile nguzo nyekundu ndefu, akaniangalia.

"Mwanangu, hizi mia saba na thelathini nimezila mimi?"

"Hapana, mzee. Ni gharama zilizopanda."

"Zilizopanda kwa sababu gani? Mwaka juzi nimesokota tani mia tisa. Mwaka jana elfu moja na sitini. Hizo za ziada ulitaka nizisokote kwa upepo?"

Alikuwa na haki mara mbili. Kwanza, nguzo yangu ya ujazo iliwapa watu wa mauzo bei nzima ya tani za ziada, wakati gharama ya kuzitengeneza tani hizo hizo niliitupia kiwandani. Kwa daraja la namna hiyo, kiwanda kinachokua kitaonekana siku zote kina wauzaji hodari na mafundi wabadhirifu. Pili, alitaja elfu moja na sitini, na kwenye jedwali langu hapakuwa na namba hiyo.

## 19 Februari: kuifungua Mengineyo

Hiki ndicho kipande ninachotaka asome kila atakayeiga kazi hii, kwa sababu nusura nipeleke kikaoni daraja bovu lililofunga vizuri.

Niliacha kuangalia faida, nikaupima kila upande peke yake. Upande wa mauzo: hesabu za mwaka zinasema mauzo yamepanda kwa 492. Nguzo zangu za bei na ujazo zinajumlisha 662. Nimepitiliza kwa 170. Upande wa gharama: hesabu za mwaka zinasema gharama badilifu zimepanda kwa 544 na za kudumu kwa 80, jumla 624. Mimi nimeandika 730 na 110, jumla 840. Nimepitiliza kwa 216.

216 ukitoa 170 unabaki na 46. Ile vumbi yangu ilikuwa makosa mawili makubwa yanayovutana, kila moja kubwa kuliko ile 132 niliyotumwa kuieleza. Mengineyo ndogo haikuambii kama kazi ni safi. Inakuambia tu kwamba makosa yamekaribia kulingana.

Tangu siku hiyo jedwali langu lina seli tatu za ukaguzi badala ya moja: moja ya mauzo, moja ya gharama, moja ya faida. Zote tatu lazima ziwe sifuri kabla sijagusa chati.

## 24 Februari: ujazo na mchanganyiko

Nimeanza na ile 170 ya mauzo.

Kipande kidogo ni 17, nacho kinavuta upande wa pili, maana bei niliipunja. Bei imepanda na tani zimebadilika, kwa hiyo kuna shilingi ambazo ni za wote wawili: zile tani 160 za ziada za uzi nazo zimeuzwa kwa bei mpya, na zile tani 60 za kamba zilizopungua hazikuipata. Ukizidisha ongezeko la bei kwa tani za zamani unapata 195, ukizidisha kwa tani mpya unapata 212. Hakuna jibu moja la haki hapa, kuna kanuni ya kuchagua na kuishika. Mimi nimechagua hivi: mabadiliko ya bei na ya gharama yanapimwa kwa tani za mwaka mpya, na mabadiliko ya tani yanapimwa kwa mchango wa mwaka wa zamani. Nimeiandika kanuni hiyo kwa herufi ndogo chini ya chati. Anayetaka kugeuza na ageuze, mradi ageuze pande zote mbili na asibadilishe tena mwakani.

Kipande kikubwa, 187 kwa kipimo cha bei, ni mchanganyiko wa bidhaa. Tani mia za ziada hazikuja kwa uwiano ule ule. Kama mwaka 2024 tungeuza tani 1,000 kwa mgawanyo wa 2023, yaani theluthi mbili uzi na theluthi moja kamba, tungekuwa na tani 667 za uzi na 333 za kamba. Tuliuza 760 na 240. Tani 93 zimehama kutoka kwenye kamba kwenda kwenye uzi. Tani ya kamba ilikuwa inatuachia 2.4, ya uzi 1.2. Kila tani iliyohama imeacha 1.2 njiani, jumla 112.

Ujazo wenyewe sasa unapimwa kwa mchango badala ya bei: tani 100 mara mchango wa wastani wa 2023, ambao ni 1,440 kugawa kwa 900, sawa na 1.6. Unapata +160. Ile +467 imeyeyuka, na mzee wa uzalishaji hajabebeshwa tena singa za tani ambazo watu wa mauzo wanajivunia.

Fomula ni hizi. Safu B ni tani za 2023, C tani za 2024, D mchango wa 2023, E na F ni bei za miaka hiyo miwili. Seli H2 ina ujazo, H3 mchanganyiko, H4 bei:

```
H2: =(SUM(C2:C3)-SUM(B2:B3))*SUMPRODUCT(B2:B3,D2:D3)/SUM(B2:B3)
H3: =SUMPRODUCT(C2:C3-B2:B3,D2:D3)-H2
H4: =SUMPRODUCT(C2:C3,F2:F3-E2:E3)
```

Mara ya kwanza H3 ilitoa chanya 512, namba inayozidi faida yote ya mwaka 2024. Nilihangaika nayo asubuhi nzima. Kumbe faili la mauzo la 2024 linapanga kamba kwanza halafu uzi, na mimi nilinakili safu ya tani nikaibandika jinsi ilivyo. SUMPRODUCT haisomi majina, inazidisha mstari kwa mstari. Siku hizi sibandiki, navuta kwa jina la bidhaa:

```
=SUMIF(Mauzo24!A:A,A2,Mauzo24!C:C)
```

Kosa hilo kwa bidhaa mbili lilijitangaza lenyewe. Ukiwa na bidhaa arobaini, mistari miwili ikibadilishana nafasi hutaiona kwa macho.

## 27 Februari: tani sitini ghalani

Kisha ile 216 ya gharama. Nimekwenda ghalani na kadi za bohari, na mama anayeshika funguo akanionyesha kwa kidevu tu: marobota ya uzi yamepangwa hadi karibu na dari, upande wa mlango wa nyuma. Tani 60. Zilisokotwa 2024, hazikuuzwa 2024. Elfu moja na sitini ya mzee ikawa imekamilika.

Daftari la matumizi la kiwanda linajua kilichotumika kusokota. Hesabu ya faida inachukua gharama ya kilichouzwa tu. Tani 60 za uzi kwa 3.1 ni 186, na hizo zimekaa kwenye mizania kama bidhaa ghalani, hazijawa gharama ya mwaka. Kwa hiyo nguzo ya gharama badilifu lazima itoke kwenye gharama ya mauzo, nami nikairekebisha: 312 baada ya kuondoa athari ya tani. (Uzi tani 760 mara ongezeko la 0.30, kamba tani 240 mara 0.35.)

Iliyobaki, 30, ndiyo yenye utamu. Gharama za kudumu tulizotumia kweli mwaka 2024 ni 1,010, siyo 980. Lakini kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2 kinataka bidhaa iliyoko ghalani ibebe pia sehemu yake ya gharama za kudumu za uzalishaji, kwa kipimo cha uwezo wa kawaida wa kiwanda. Gharama hizo kwetu ni 530 kati ya ile 1,010, na tani tulizosokota ziko karibu kabisa na uwezo wa kawaida, hivyo kila tani imebeba 0.5. Tani 60 zimeondoka na 30 kutoka kwenye hesabu ya faida na kuingia nazo ghalani.

Maana yake ni kwamba 30 kati ya faida ya 408 haikutokana na mteja. Imetokana na kusokota kuliko tulivyouza. Mwaka 2023 ghala lilianza na kuisha na tani zile zile, kwa hiyo upande ule hauna jambo hili.

Mhasibu mkuu alitaka niunganishe: andika gharama za kudumu −80, yaishe.

"Ukiitenga, mdogo wangu, watauliza."

"Nikiiunganisha, dada, watadhani matumizi yamepanda kwa themanini, na mwaka huu watapanga bajeti kwa themanini."

Alikaa kimya kidogo, akasema haya. Nguzo mbili: gharama za kudumu −110, bidhaa ghalani +30.

## 3 Machi: kupasua 312

Nguzo ya −312 peke yake haimwambii mtu afanye nini. Singa ndiyo sehemu kubwa yake, nikaipasua.

Mwaka 2023 tani moja ya bidhaa ilikula tani 1.10 za singa, kwa bei ya 2.0. Mwaka 2024 ilikula 1.13, kwa bei ya 2.2. Kwa tani 1,000 zilizouzwa, tulitumia singa tani 1,130 badala ya 1,100. Tani 30 za ziada kwa bei ya zamani ni 60, huo ni upotevu. Tani 1,130 mara ongezeko la 0.2 ni 226, hiyo ni bei ya singa. Inabaki 26 ya umeme, mafuta na vifungashio, ambayo sikuona sababu ya kuipasua zaidi.

Daraja sasa: 540, bei +212, ujazo +160, mchanganyiko −112, bei ya singa −226, upotevu −60, umeme na vifungashio −26, gharama za kudumu −110, bidhaa ghalani +30, 408. Mengineyo haipo. Sisi tunauzia ndani kwa shilingi. Anayeuza nje kwa dola aitoe athari ya kiwango cha ubadilishaji ndani ya nguzo ya bei, la sivyo watu wa mauzo watasifiwa kwa kazi ya shilingi iliyoshuka.

## 4 Machi: kuchora

Kompyuta ya ofisi ina Excel 2013, ambayo haina chati ya maporomoko. Ilianza kwenye 2016. Kwa hiyo nimetumia njia ya zamani ya nguzo zilizobebana, ya chini ikiwa haina rangi. Safu B ni mabadiliko, C ni salio linalotembea, D ni nguzo isiyoonekana, E ni kupanda, F ni kushuka:

```
C3: =C2+B3
D3: =MIN(C2,C3)
E3: =MAX(B3,0)
F3: =MAX(-B3,0)
```

D unaiwekea `No Fill`. Nguzo za 540 na 408 nimezipa safu yake ya G ili ziwe na rangi tofauti na zilizoning'inia.

Matatizo yaliyonichukulia muda ni mawili. Kila nguzo ilikuwa na lebo mbili, moja ya thamani na moja ya sifuri ya safu jirani, na kushuka kulisomeka kama namba chanya. Zote zimetibiwa kwa muundo wa namba kwenye lebo, wa kwanza kwa safu ya kupanda, wa pili kwa safu ya kushuka:

```
+#,##0;;;
-#,##0;;;
```

Tatizo la pili nimelikuta nilipojaribu kuchora robo moja ya mwaka iliyoanza na hasara. Salio likivuka sifuri, nguzo isiyoonekana inashindwa: MIN inatoa hasi, na nguzo yenye rangi inachorwa kuanzia sifuri kwenda juu kwa urefu wake wote badala ya kukatiza mstari. Picha inakuwa uongo bila Excel kulalamika. Kwa hali hiyo tumia chati ya mistari yenye safu mbili, salio la mwanzo na salio la mwisho, uiwekee `Up/Down Bars`, kisha uifute rangi mistari yenyewe. Nguzo zinavuka sifuri bila shida. Kasoro yake ni kwamba nguzo za jumla zinapata rangi ile ile ya kupanda, na inabidi uzichore kama safu ya pembeni.

Mwenzangu mwenye Excel mpya alijaribu kwa chati ya ndani ya programu, na 408 yake ikapaa juu ya 408 nyingine, mlima wa 816. Ni kawaida: programu inadhani nguzo ya mwisho nayo ni ongezeko. Bofya nguzo hiyo peke yake mara mbili, chagua `Set as total`.

## 5 Machi: mhimili na wino

Mkurugenzi aliiona, akasema nguzo za kati ni fupi, nianzishe mhimili kwenye 300 zionekane vizuri. Nilimchorea zote mbili nikaziweka mezani. Kwenye ile iliyokatwa, 540 ina urefu wa 240 na 408 ina urefu wa 108, yaani macho yanaona faida imepungua zaidi ya nusu wakati imepungua kwa asilimia 24. Nguzo zinazoning'inia hazidhuriki kwa kukata mhimili, zinazodhurika ni hizo mbili za pembeni, na hizo ndizo mtu anazitazama kwanza. Akaichagua ya sifuri. Nikairefusha chati kwenda juu badala yake.

Wino: nilichapa nakala nane kwenye mashine ya ofisi, nyeusi na nyeupe. Kijani na nyekundu zikatoka kijivu kimoja. Zote nane zikaenda kwenye pipa. Nimekwenda steshenari moja ya Ngamiani, A3 ya rangi Sh 2,000 kwa karatasi, nane, Sh 16,000 kutoka mfukoni kwangu hadi hazina ndogo itakapofunguliwa. Hata hivyo nimebadilisha nyekundu kuwa chungwa iliyokoza na kijani kuwa buluu hafifu, maana kuna atakayeitoa nakala ya kivuli kesho.

## 6 Machi: kikao

Saa tatu asubuhi, kwa ajili ya mfungo. Hapakuwa na chai ya kusingizia. Dakika ishirini zilitosha. Swali la kwanza lilikuwa la mchanganyiko, kama nilivyotarajia, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahi kuiona 112 popote. Kwenye mauzo haionekani na kwenye gharama haionekani. Meneja mauzo alieleza kwamba posho za wauzaji wake zinahesabiwa kwa tani. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi: uzi unauzika haraka, kamba inahitaji kubembeleza mteja, na mfuko wa muuzaji unapata sawa kwa tani ya chochote.

Swali la pili lilikuwa la +30. Mhasibu mkuu alilijibu mwenyewe, tena vizuri kuliko mimi.

Mtu mmoja aliuliza kama mpangilio wa nguzo unabadilisha majibu. Thamani haibadiliki kwa sababu kanuni imeshaamua nani anapimwa kwa tani zipi. Inayobadilika ni hadithi: ukianza na hasara zote, picha inashuka kisha inapanda, na watu wanatoka wakidhani mwaka uliisha vizuri. Nimeweka soko kwanza, kiwanda katikati, uhasibu mwisho.

## 12 Machi: nguzo niliyoikosea jina

Mzee wa uzalishaji kaja tena, safari hii na mikono yake miwili imejaa singa. Kulia gredi ya 3L, kushoto gredi ya UG. Akazinyoosha juu ya meza yangu, zile za kushoto zikaishia mbali kabla ya zile za kulia.

"Hizi fupi ndizo nilizoletewa tangu mwezi wa tano. Fupi inakatika, inaanguka chini ya mashine, inakuwa makapi. Wewe umeandika upotevu, watu wakanitazama mimi."

Nimepekua ankara za manunuzi. Ni kweli: 3L ilipopanda bei, ununuzi ulihamia kwenye UG zaidi. Bila kuhama, bei ya singa ingepanda zaidi ya 226 na upotevu usingefika 60. Nguzo hizo mbili ni uamuzi mmoja wenye pande mbili, na daraja limeukata katikati na kuwagawia watu wawili. Kukokotoa upya kwa gredi kunahitaji kujua kila robota lililoingia mashineni lilikuwa gredi gani, na kadi zetu za bohari haziandiki hilo. Kwa sasa nimezisogeza nguzo mbili zikae pamoja chini ya mabano yanayosema "Singa: −286", na jina la upotevu nimelibadilisha kuwa "singa zaidi kwa tani". Tangu jana kadi ya bohari ina safu ya gredi, kwa kalamu, mpaka zichapishwe mpya.

Gharama ya mradi mpaka hapa: siku tisa za kazi, ambazo nne zilipotea kwenye daraja la kwanza na mistari iliyobadilishana, na Sh 16,000 za steshenari, bado sijarudishiwa.

Faili la 2025 nimelifungua leo. Marobota yale ya mlango wa nyuma yameanza kutoka, na yakiisha yote bila mengine kuingia, ile +30 itakuja mwaka huu kama gharama ya 30 ambayo hakuna mtu kiwandani atakayekuwa ameitumia. Nimeiwekea nguzo yake tayari, ya kijivu, bado haina namba.